Deni la Kifaranga kwa Trei ya Mayai

Mfugaji wa kuku wa mayai hutumia miezi mitano ya mwanzo akitoa fedha tu. Ananunua vifaranga wa siku moja, anawawashia jiko la mkaa wapate joto, anawachanja gumboro, kideri na ndui, anawalisha asubuhi na jioni, na bandani hakuna yai hata moja. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 20. Akishaanza, hutaga kwa zaidi ya mwaka mzima, kisha utagaji unashuka taratibu hadi mayai yasitoshe tena kulipia chakula anachokula. Hapo mfugaji humuuza kwa nyama na kutafuta vifaranga wengine.

Ukiziandika hesabu za kazi hii kwa kufuata tu siku ambayo fedha imetoka mfukoni na siku iliyoingia, utapata picha isiyoeleweka. Kwanza kuna nusu mwaka wa hasara tupu. Baadaye kuna mwaka wa faida nono, mfugaji anajenga, analipa ada, anaongeza pikipiki. Halafu kuku wanachoka, banda linabaki wazi, na fedha ya kuleta kundi jipya haipo. Wafugaji wengi wadogo wamepita humo. Wakiulizwa, wanataja bei ya chakula, madalali na magonjwa, na yote hayo yana ukweli. Lakini mara nyingi kuna jambo jingine lililotokea kimyakimya ndani ya daftari: ile faida nono haikuwa faida yote. Sehemu yake ilikuwa mtaji wa vifaranga unaorudi, na mfugaji akaula akidhani ni jasho la mwezi huo.

Wahasibu wana kanuni iliyowekwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Inaitwa kanuni ya ulinganishi, na inasema hivi: gharama iandikwe katika kipindi kilekile ambacho mapato yaliyotokana nayo yanaandikwa. Tarehe ya kulipa haiamui. Kinachoamua ni gharama hiyo imesaidia kuzaa mapato gani, na mapato hayo ni ya lini. Kama bado hayajazaliwa, gharama inangoja pamoja nayo, ikiwa imeandikwa kwenye mizania kama mali. Mapato yakija, nayo inashuka kwenye hesabu ya faida na hasara kukutana nayo.

Tuichukue kanuni hii tuingie nayo bandani. Nitatumia tarakimu za mfano, nilizozipanga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Kila mfugaji aweke bei za mahali pake.

Tuseme mwanzoni mwa Agosti 2024 mfugaji analeta vifaranga 500 kwa shilingi 3,000 kila mmoja, jumla 1,500,000. Hadi mwisho wa Desemba kundi limekula kilo 3,750 za chakula, na kwa shilingi 1,000 kwa kilo hiyo ni 3,750,000. Chanjo na dawa zimechukua 250,000. Mkaa na maranda, 230,000. Kijana anayewahudumia analipwa 150,000 kwa mwezi, kwa miezi mitano ni 750,000. Banda lenyewe tuliache kwanza ili tusichanganye mambo. Jumla ya yote ni shilingi 6,480,000, na kwa kuwa vifaranga 20 walikufa njiani, kundi lililofika umri wa kutaga ni mitetea 480.

Sasa ni tarehe 31 Desemba 2024, mwaka wa hesabu unafungwa. Je, mfugaji huyu amepata hasara ya karibu milioni sita na nusu? Mfuko wake unasema ndiyo. Lakini ingia bandani uangalie. Kuna mitetea 480 wenye afya, vishungi vimeanza kuwa vyekundu, siku chache zijazo wanaanza kutaga. Fedha imegeuka kuku. Hakuna kilichopotea zaidi ya wale 20, na vifo vya kiasi hicho vinatarajiwa katika ulezi, ndiyo maana gharama yao inabebwa na waliobaki. Kila mtetea amegharimu shilingi 13,500 mpaka alipofika hapo. Kwa kanuni ya ulinganishi, zile 6,480,000 zinabaki kwenye mizania kama mali, kwa sababu mayai yatakayozilipa bado hayajatagwa. Kwenye hesabu ya faida na hasara ya 2024 haiingii hata senti moja ya ulezi huo.

Januari 2025 mayai yanaanza. Hapa kuna maswali mawili ambayo hayakwepeki: kuku hawa watataga kwa muda gani, na mwisho wake watauzwa shilingi ngapi? Haya ni makadirio, wala mhasibu hana haja ya kuona haya kuyafanya. Mfugaji wetu anakadiria miezi 14 ya kutaga, na kwamba mwishoni kuku 450 watakuwa hai na watauzwa kwa 6,000 kila mmoja, yaani 2,700,000. Ukiondoa hizo kwenye 6,480,000 zinabaki 3,780,000. Hiyo ndiyo gharama ya ulezi ambayo mayai yanapaswa kuibeba, na ukiigawa kwa miezi 14 unapata 270,000 kwa mwezi.

Mwezi wa kawaida katika kipindi cha utagaji, kundi hili linatoa wastani wa mayai 380 kwa siku, au trei 380 za mayai 30 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 8,000 kwa trei, mauzo ni 3,040,000. Chakula cha mwezi ni 1,620,000, kijana 150,000, dawa na maji na umeme 100,000. Daftari la fedha linaonyesha kimebaki 1,170,000. Mfugaji akiona hivyo anajiona ana uhuru wa kutumia zote. Lakini miezi hii 14 inadaiwa na ile mitano iliyotangulia. Ukiondoa 270,000 ya ulezi, faida halisi ya mwezi ni 900,000.

Laki mbili na sabini kwa mwezi zinaweza kuonekana ndogo mbele ya mauzo ya milioni tatu. Ziangalie kwa trei moja ndipo uzito wake unapoonekana. Zigawe kwa trei 380, na kila trei inayotoka bandani inabeba shilingi 710 za deni la kifaranga. Chakula, kijana na dawa vinaigharimu trei hiyo shilingi kama 4,920. Kwa hiyo gharama yake kamili ni kama 5,630.

Hebu sasa mayai yajae sokoni, na mnunuzi wa jumla aje na bei ya 5,500. Mfugaji anayeangalia fedha tu anapiga hesabu haraka: natumia 4,920, nauza 5,500, nina shilingi 580 kwa kila trei, sawa. Anakubali, pengine hata anaingia mkataba wa miezi kadhaa. Kumbe kwa kila trei anapoteza shilingi 130. Hataliona pengo hilo wiki hii wala mwezi huu, kwa kuwa fedha inaendelea kuingia kuliko inavyotoka. Ataliona siku ya kurudi kwa muuza vifaranga. Simaanishi kwamba aikatae bei hiyo. Huenda kuuza kwa 5,500 ni afadhali kuliko mayai kuharibika, na wakati wa shida ndefu kila shilingi inayozidi chakula ina msaada. Ninachosema ni kwamba anapaswa kujua kuwa hapo anakula kundi lake, na asitie sahihi mkataba mrefu akidhani anapata.

Kuna namna bora zaidi ya kugawa gharama ile kuliko kuikata sawasawa kwa miezi, nami naipendelea kwa kuku. Kuku hawatagi sawasawa. Utagaji unapanda haraka wiki za mwanzo, unafika kilele, kisha unateremka polepole mpaka mwisho. Kama mayai ndiyo mapato, basi gharama ifuate mayai. Weka shilingi 710 kwa kila trei inayotoka. Mwezi wa kilele wenye trei 430 utabeba kama 305,000. Mwezi wa mwishoni wenye trei 320 utabeba kama 227,000. Kila mwezi unabeba kiasi kinacholingana na ulichovuna, na mfugaji hapati faida ya kupaa mwezi wa nne na huzuni isiyo na sababu mwezi wa kumi na mbili.

Ukifunga hesabu za 2025 kwa mgawanyo ule rahisi wa kila mwezi, gharama ya ulezi inayoingia katika mwaka huo ni 270,000 mara 12, yaani 3,240,000. Zinazobaki, 540,000, ni za Januari na Februari 2026. Ukijumlisha na bei ya kuuzia kuku wazee unapata 3,240,000, na hicho ndicho kiasi ambacho kundi litasomeka nacho kwenye mizania siku ya mwisho wa mwaka.

Kanuni hiyohiyo inagusa mambo madogo yanayoikaribia tarehe 31 Desemba, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Tuseme tarehe 28 Desemba mfugaji anasikia bei ya chakula itapanda, ananunua mifuko 40 ya kilo 50. Amelipa milioni mbili mwaka 2025, lakini mifuko iko stoo na kuku watakaoila wataila Januari. Hiyo si gharama ya 2025. Kijana wa bandani naye mshahara wake wa Desemba unalipwa tarehe 5 Januari. Fedha inatoka mwaka mpya, lakini alizoa mayai ya Desemba, kwa hiyo mshahara ni wa Desemba na unaandikwa kama deni linalosubiri kulipwa. Trei zilizochukuliwa na duka kwa mkopo wiki ya Krismasi ni mauzo ya Desemba hata kama mwenye duka atalipa mwisho wa Januari. Ukiyaandika haya kwa tarehe ya fedha, mwaka mmoja unajikuta umebeba mizigo ya mwingine, na hutajua ni upi ulikuwa mbaya kwa haki yake.

Kipo pia kikomo ambacho kanuni haiwezi kukivuka. Tuseme mwisho wa Juni 2025, kuku wakiwa 470, kideri kinaingia bandani na kuua 200. Kwenye mizania kundi lilikuwa limebaki na 4,860,000, kama shilingi 10,340 kwa kila kuku. Wale 200 waliokufa wanabeba zaidi ya milioni mbili. Je, tuendelee kuzigawa kwenye miezi iliyobaki? Hapana. Gharama inaruhusiwa kungoja kwa sababu moja tu, kwamba kuna mapato yanayokuja kuilipa. Kuku aliyekufa hatataga. Milioni mbili zile zinaandikwa hasara yote mwezi huohuo wa Juni, hata kama inauma. Kuiacha kwenye mizania ni kuwatagisha kuku waliokwisha kuzikwa.

Kwa sababu hiyo hiyo zipo gharama ambazo haziruhusiwi kungoja kabisa. Mfugaji akilipia tangazo la redio, huenda litamletea wateja kwa miaka miwili, lakini hakuna anayeweza kuonyesha trei ipi iliuzwa kwa sababu yake, wala hawezi kuwazuia wateja hao wasiende kwa jirani. Tangazo linaandikwa gharama mara linapotolewa. Mlinzi wa usiku, kodi ya ofisi na vocha za simu vivyo hivyo, vinakwenda na mwezi wake. Na wenye kampuni kubwa za ufugaji wajue kwamba viwango vya kimataifa vya hesabu huwataka kuwaweka wanyama hai kwa thamani yao ya soko badala ya gharama, pale thamani hiyo inapopimika. Mfugaji mdogo anaweza kubaki na gharama, na kwa kupangia bei ya trei, gharama ndiyo inayomfaa.

Hiki kikomo nimekikazia kwa sababu kanuni ya ulinganishi ina mlango wa nyuma, na waliopita humo wameangusha makampuni makubwa. Maarufu kuliko wote ni WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani yenye makao yake Mississippi. Kampuni ya simu haina nyaya za kufika kila mahali, hivyo hukodi nyaya za kampuni nyingine ili simu za wateja wake zipite. Malipo hayo ni gharama ya kawaida ya kila mwezi, kama chakula cha kuku wanaotaga leo. Biashara ya simu iliposhuka, mapato ya WorldCom yakapungua, na kodi za nyaya zikabaki palepale kwa sababu mikataba ilikuwa mirefu. Kuanzia 2001 wakuu wa idara ya fedha wakaanza kuziondoa sehemu za malipo hayo kwenye gharama na kuziingiza kwenye mali, kana kwamba kampuni ilikuwa imejenga kitu kipya. Baadhi ya maingizo yaliitwa uwezo uliolipiwa kabla.

Mkuu wa ukaguzi wa ndani, Cynthia Cooper, na wenzake wakaanza kufuatilia maingizo hayo, mara nyingine wakifanya kazi usiku ili wasishtukiwe. Waliuliza swali rahisi: mali hii iko wapi, na hati zake ni zipi? Hati hazikuwepo. Mkuu wa fedha, Scott Sullivan, alijitetea kwa hoja ambayo msomaji sasa anaweza kuipima mwenyewe. Alisema nyaya zilikodiwa kwa ajili ya wateja watakaokuja baadaye, kwa hiyo gharama zake zingoje zilinganishwe na mapato ya wateja hao. Maneno yalikuwa ya kanuni ya ulinganishi, lakini kiini chake hakikuwepo. Kodi ya mwezi uliopita imekwisha pamoja na mwezi uliopita, haiwezi kupitisha simu ya mwaka ujao. Na mapato yaliyokuwa yakingojewa hayakuwa na ushahidi, yalikuwa tamaa.

Juni 2002 kampuni ilitangaza kwamba dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa vibaya, na uchunguzi uliofuata ukafikisha makosa yote ya hesabu karibu dola bilioni 11. Julai mwaka huohuo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na wakati huo hapakuwa na kampuni kubwa kuliko hiyo iliyowahi kufilisika Marekani. Sullivan alikiri makosa na kufungwa miaka 5. Mkurugenzi mkuu, Bernard Ebbers, alihukumiwa miaka 25 mwaka 2005.

Bodi ya kimataifa inayotunga viwango vya hesabu, yenye makao yake London, imeuweka mpaka huu kwa maandishi. Mwongozo wake wa dhana wa mwaka 2018 unakubali kwamba gharama na mapato yanayotoka kwenye tukio moja huandikwa pamoja. Lakini unasema wazi kuwa kulinganisha si lengo lenyewe, na hakumpi mtu ruhusa ya kuweka kwenye mizania kitu ambacho si mali. Kwa lugha ya bandani, kabla ya kuandika kuwa gharama inangoja, lazima uweze kumwonyesha mkaguzi kuku anayetembea.

Mtu asiye mhasibu anaweza kulitambua tatizo hili akiwa na taarifa mbili tu mkononi, ya faida na ya mtiririko wa fedha. Biashara inayolea kitu itatoa fedha nyingi mwanzoni huku faida ikionekana nzuri, na hilo peke yake si kosa. Mfugaji wetu alikuwa hivyo mwaka 2024. Lakini kundi likishaanza kutaga, fedha inapaswa kuingia kuliko faida inavyoonyesha, kwa sababu ile 270,000 ya kila mwezi inapunguza faida bila kutoa fedha yoyote mfukoni. Ukiona biashara iliyokwisha kukomaa inatangaza faida kila mwaka huku fedha inayotokana na kazi na uwekezaji wake ikizidi kukauka, na upande wa mali unakua bila mtu kuweza kuuelezea, uliza kama Cooper alivyouliza.

Kwa mfugaji mwenyewe, ukaguzi ni mdogo kuliko huo. Kila mwezi atenge fedha halisi, 270,000 au shilingi 710 kwa trei, kwenye akaunti ya pembeni. Kanuni ya ulinganishi haitengi fedha, inaonyesha tu kwenye karatasi kwamba fedha hiyo si faida, na wako watu wenye vitabu visivyo na dosari ambao bado walifika mwisho wa kundi mikono mitupu. Februari 2026 ikiisha, akaunti ile itakuwa na 3,780,000. Ongeza 2,700,000 za kuku waliouzwa kwa nyama. Zinakuwa 6,480,000, gharama yote ya kulea kundi jingine kwa bei zilezile. Kama vifaranga au chakula vimepanda, pengo litajulikana mapema, akiwa bado na miezi ya kupandisha bei ya trei au kupunguza idadi ya vifaranga atakaowaagiza.